Goti linauma chini ya pia: niruke mara ngapi?

*Shikamoo dada. Nina miaka 24, nacheza mpira wa wavu timu ya mtaa hapa Dar es Salaam, nafasi ya kati. Tangu Ramadhani iishe goti la kushoto linaniuma sehemu moja tu, chini kabisa ya pia, pale mfupa unapoishia. Naweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Mwezi wa mfungo sikuruka hata mara moja, halafu tukaingia kambi: Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa mazoezi, Jumamosi mechi, uwanja wa saruji. Kabla ya mfungo tulikuwa na mazoezi mara mbili na mechi moja kwa wiki. Kocha ameniongezea na sevisi ya kuruka. Tukianza kupasha mwili linauma, likipata moto linaacha kabisa, nacheza vizuri, kesho yake asubuhi nashuka ngazi nimeshikilia ukuta. Wiki iliyopita mdogo wangu alikaa pembeni akanihesabia: miruko 140 mazoezini siku moja, mechi 90. Mwenzangu ananiambia nipumzike miezi miwili, kocha anasema nikaze tu. Kabla ya mechi nameza diklofenaki. Mashindano yetu yako wiki tisa mbele, siku tatu mfululizo. Niache au niendelee? Kama naendelea, niruke mara ngapi?*

*Mchezaji wa kati, Temeke*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mpe mdogo wako soda. Nimehudumia magoti ya wachezaji wa wavu kwa miaka mingi, na ni wachache mno wanaonijia wakiwa na hesabu ya miruko. Wengi huniambia "naruka sana", tunaishia hapo.

Tuanze na hicho kidole chako. Kutoka ncha ya chini ya pia ya goti kunashuka kano nene, fupi kama kidole, linalokwenda kujishika kwenye kile kinundu kilicho juu ya muundi. Msuli mkubwa wa mbele ya paja huvuta pia, pia huvuta kano, mguu unanyooka. Maumivu ya wachezaji wanaoruka hukaa pale kano linapoanzia, kwenye ncha ya pia, na sifa yake kubwa ni kwamba hayahami. Ukichuchumaa kidogo yako pale, ukiruka yako palepale, yamezidi tu. Kama ungenionyesha kwa kiganja kizima kuzunguka pia, na ukasema linauma zaidi ukikaa muda mrefu kwenye daladala, ningewaza jambo jingine, mara nyingi lile la pia kusuguana na mfupa wa paja. Kama ungekuwa na miaka 13 na maumivu yako chini zaidi, kwenye kinundu chenyewe, ningewaza sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Wewe una miaka 24 na umegusa pale penyewe. Hata hivyo nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akapaguse kwa mkono wake, maana mimi nasoma barua tu.

Usikimbilie picha. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinaweza kuonyesha kano limevimba na nyuzi zake zimevurugika, lakini picha kama hiyo huonekana pia kwa wachezaji wasio na maumivu yoyote. Huwa inanisaidia pale tu ninaposhuku jambo jingine.

Hauko peke yako katika hili. Watafiti wa Norwe walipowachunguza wanamichezo wa ngazi ya juu wa nchi yao, wakachapisha matokeo mwaka 2005, walikuta asilimia 45 ya wachezaji wa wavu wana tatizo hili wakati ule ule, na hakuna mchezo mwingine kati ya ile waliyoichunguza uliofika hapo. Na linapenda kuwashika wanaoruka juu kuliko wenzao. Kano lao hubeba zaidi, na kocha huwapa mipira zaidi.

Sasa hiyo habari ya "likipata moto linaacha". Husemi uongo, ndivyo kano linavyofanya. Maumivu yake hutulia mwili ukipata joto na hurudi baadaye, kwa kawaida kesho yake. Kwa hiyo namna unavyojisikia katikati ya mechi haikwambii kama umezidisha. Jibu lako liko ngazini saa kumi na mbili asubuhi, na umeshalipata mara nyingi, ila hukujua kwamba ndilo jibu.

Kinachochosha kano hili siyo uzito peke yake, ni uzito unaokuja kwa kasi. Hatua yako ya mwisho kabla ya kuruka, goti linapokunjika ghafla, kano linavutika kama mpira wa manati, linatunza nguvu, halafu linaiachia. Ukitua, linavutika tena. Ndiyo maana unaweza kubeba gunia na kuchuchumaa taratibu ukasikia kidogo tu, lakini mruko mmoja wa kushambulia ukakukunja uso. Na baada ya siku ya kuruka sana, ndani ya kano kuna kubomoa na kujenga: kwa siku moja hadi moja na nusu kubomoa kunazidi, kisha kujenga kunachukua nafasi. Tazama ratiba yenu kwa jicho hilo. Alhamisi unabomoa, Ijumaa unabomoa juu ya kilichobomoka, Jumamosi unaleta mechi. Za kujenga ni Jumatano na Jumapili tu, moja moja, Jumatatu tena uwanjani.

Na hesabu yako inasema yaliyobaki. Mazoezi manne ya miruko 140 ni 560, ongeza 90 za mechi, ni 650 kwa wiki. Kabla ya mfungo, hata nikikupa 140 zilezile kwa kila zoezi, ulikuwa na 370. Katikati hapo kuna mwezi mzima wa sifuri. Umetoka sifuri ukaenda 650, pamoja na sevisi ya kuruka ambayo kano lako halikuwahi kuijua. Mfungo hauna kosa hapa. Kosa liko kwenye wiki ya kwanza ya kambi.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na miezi miwili ya kulala. Ukipumzika maumivu yataisha, hilo ni kweli, na siku utakayorudi yatakuwa yanakusubiri mlangoni. Kano lisilobebeshwa kitu hupungua uwezo wa kubeba. Utarudi na kano dhaifu kuliko la leo, kwenye kambi ileile. Umeshalifanya jaribio hilo kwa mwezi mmoja na majibu yake unayo.

Basi tafuta daftari na ubao. Ubao uwe na upana wa kusimama, uuweke juu ya tofali upande mmoja ili uiname kama paa la banda. Kila asubuhi, kabla hujatembea sana, simama juu yake kwa mguu wa kushoto, kisigino upande wa juu, vidole upande wa chini, mkono mmoja ukigusa ukuta. Shuka taratibu kwa kukunja goti mpaka mahali ambapo utapafanya pawe palepale kila siku. Weka alama ukutani usawa wa bega. Mwinamo huo unalisukumia kano sehemu kubwa ya kazi. Andika maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 10 ni mabaya kuliko yote unayoweza kuyawaza. Mara moja inatosha. Usirudie rudie kulichokoza.

Fanya hivyo asubuhi nne au tano kabla ya kubadilisha chochote kingine, isipokuwa sevisi ya kuruka uiache leo na diklofenaki uiache leo. Utapata namba ya kawaida ya goti lako. Tuseme ni 3. Baada ya hapo sheria ni mbili tu. Ukiwa uwanjani, maumivu hadi 3 yanavumilika. Asubuhi inayofuata kipimo cha ubao kiwe kimerudi kwenye namba yako ya kawaida. Kikiwa juu, jana ulizidisha, hata kama ulicheza bila kusikia kitu. Kikiwa juu asubuhi mbili mfululizo, siku inayofuata ya kuruka unapunguza.

Hapo ndipo jibu la "mara ngapi" linapotoka. Hakuna mtu anayeweza kukupa namba moja ya magoti yote, na akikupa mkwepe. Ninachoweza kukupa ni pa kuanzia. Kwako wewe ningeanza na miruko 40 kwa siku, siku mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi. Hiyo ni chini kidogo ya theluthi ya zoezi lako la sasa, na kati ya siku hizo mbili kano linapata angalau siku mbili kamili za kujijenga. Asubuhi zikiwa tulivu wiki nzima, wiki inayofuata fanya 50 na 50, kisha 60 na 60. Asubuhi zikikataa, rudi kwenye namba ya wiki iliyopita. Usirudi sifuri.

Miruko nayo hailingani. Bloku ya kuruka ukiwa umesimama ni nyepesi kuliko shambulio la hatua tatu. Sevisi ya kuruka ndiyo ghali kuliko zote kwako: mbio ndefu, kasi kubwa, unatua kwenye saruji, na ukiwa unapiga kwa mkono wa kulia aghalabu unatua kwa mguu wa kushoto kwanza, ndio huohuo unaouma. Mimi huwahesabia wachezaji wangu bloku mbili kama mruko mmoja. Ni kanuni yangu ya uwanjani, haikutoka maabara, lakini inamfanya mchezaji wa kati afikirie anatumia miruko yake kwa nini. Katika 40 zako za kwanza ningeweka bloku 40, ambazo ni 20, na mashambulizi 20. Tua kwa miguu yote miwili, goti likunjike, usidondoke umekakamaa kama nguzo.

Mazoezini yapo mengi ya kufanya bila kuruka. Pokea mipira, linda, piga sevisi ukiwa umesimama, fanya hatua za bloku kushoto na kulia huku mikono juu na miguu chini. Kocha akiona uko uwanjani unatoa jasho, ugomvi hupungua. Mwambie miruko yako imekwisha kwa leo, mwonyeshe na namba.

Lakini kupunguza miruko peke yake hakumalizi kazi, kwa kuwa kano linataka kazi nzito isiyo ya kasi. Wiki ya kwanza anza na kushikilia. Tafuta mkanda mpana au kamba nene uliyoizungushia kitambaa, ifunge kwenye nguzo imara, ingia ndani yake ukiitazama nguzo, kamba ikae nyuma ya magoti yote mawili. Rudi nyuma mpaka ikaze, kisha keti hewani kama mtu anayekaa kwenye stuli ndefu, muundi ukiwa wima. Shikilia sekunde 45, pumzika dakika mbili, fanya mara tano. Asubuhi na jioni. Paja litatetemeka, ndivyo inavyotakiwa. Baadhi ya watu maumivu yao hushuka papo hapo baada ya zoezi hili na wanalitumia hata kabla ya mechi, badala ya kidonge. Wengine hawapati unafuu huo, na bado msuli wao umefanya kazi.

Wiki ya pili ongeza uzito mzito wa polepole, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ambazo siyo siku zako za kuruka. Kama kuna gym karibu, tumia mashine ya kusukuma kwa miguu na ile ya kunyoosha goti, mguu mmoja mmoja. Kama hakuna, begi la mgongoni lenye dumu la maji la lita 20 lina kilo 20, na utalikamilisha kwa kusimama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, ukashuka na kupanda. Sekunde tatu kushuka, sekunde tatu kupanda, raundi nne. Uzito uwe ule ambao ukifika mara ya 15 huwezi ya 16. Kadiri wiki zinavyokwenda ongeza uzito na punguza idadi, 12, kisha 10, 8, mpaka 6. Maumivu ya 3 wakati wa kunyanyua hayana tatizo, kipimo ni kilekile cha asubuhi. Fanya miguu yote miwili na linganisha. Karibu kila mara nimekuta mguu unaouma umekuwa dhaifu bila mwenyewe kujua, kwa sababu amekuwa akiukwepa.

Wengi huchagua nusu moja ya dawa hii. Wananyanyua na kuendelea kuruka kama kawaida, wakidhani zoezi litafidia. Hukohuko Norwe, mwaka huohuo wa 2005, walilijaribu jambo hili kwa wachezaji wa wavu wakiwa katikati ya msimu: wiki 12 za kuchuchumaa juu ya ubao ulioinama, huku mazoezi na mechi vikiendelea. Magoti yao hayakupata nafuu yoyote kuliko ya wenzao ambao hawakufanya zoezi. Zoezi lilikuwa sahihi, ila lilirundikwa juu ya mzigo ambao kano lilikuwa limeshashindwa kuubeba.

Nikupe mfano wa msichana mmoja niliyemhudumia, mshambuliaji wa pembeni, miaka 19, goti kama lako. Namba yake ya kawaida asubuhi ilikuwa 2. Tulianza na miruko 60, nikiwa na haraka kuliko yeye. Asubuhi ya pili ilisoma 5, ya tatu 4. Tukashuka hadi 35, ikarudi 2. Akapanda kumi kumi kila wiki mpaka 75, asubuhi zikasoma 1, nikaanza kujisifu. Jumapili moja marafiki zake wakamwita ufukweni, wakacheza wavu wa mchangani mchana kutwa. Hakuhesabu, kwa sababu "mchanga ni laini". Jumatatu 3. Jumanne akafanya miruko 75 kama daftari lilivyosema, Jumatano 6, akaja analia kwamba amerudi alikoanza. Hakuwa amerudi. Mchanga haukumdhuru kwa kuwa mchanga. Uliingia siku ya kujenga ukaifanya siku ya kubomoa. Tulirudi kwenye namba ya wiki mbili nyuma, 55, na kule kushikilia sekunde 45 kwa siku tatu. Baada ya wiki moja na nusu alikuwa 1 tena. Alifika kwenye mazoezi kamili mwezi wa tano tangu tuanze. Huwa nalieleza hili kwa sababu kila mtu hupata siku mbaya moja kama ile, na wengi huitumia kama ushahidi kwamba mpango haufai.

Mwezi wa tano, umesikia. Wiki tisa ni chache, na sitakudanganya kwamba goti litakuwa limepona siku ya mashindano. Kwa kawaida kazi hii huchukua miezi mitatu hadi sita, wengine zaidi. Linalowezekana ni kufika pale ukiwa na uwezo wa kubeba mechi. Wiki mbili za mwanzo usicheze mechi. Tumia miruko yako ya Jumamosi kwenye kupasha na wenzako, kisha kaa benchi. Wiki ya tatu na ya nne cheza seti moja. Ukifika wiki ya tano na asubuhi bado tulivu, utakuwa kwenye takribani 70 kwa siku. Hapo ongeza Alhamisi nyepesi ya miruko 30, na acha uzito wa Ijumaa, ubaki na Jumatatu na Jumatano. Wiki ya sita na ya saba panda hadi 80 au 90 siku ya mechi, Alhamisi ibaki ndogo. Sevisi ya kuruka iache kabisa mpaka mashindano yapite, hata ukijisikia vizuri.

Siku tatu mfululizo ndizo zinazonipa wasiwasi, maana kano lako halitakuwa limefanya hivyo tangu tupunguze miruko. Kwa hiyo wiki ya saba lifanyie majaribio: Ijumaa miruko 50, Jumamosi mechi, kisha usome ubao Jumapili na Jumatatu. Likirudi kwenye kawaida kufikia Jumatatu, una nafasi ya kucheza siku zote tatu. Likikaa juu mpaka Jumatano, mwombe kocha mgawane siku ya pili na mchezaji mwingine wa kati. Bahati nzuri nafasi yako inasaidia: ukienda nyuma libero, yule mchezaji maalumu wa ulinzi, anakuingilia, unapumzika bila mtu kuona. Wiki ya tisa punguza miruko hadi nusu, usinyanyue uzito siku tatu za mwisho. Na baada ya mashindano tegemea asubuhi tatu au nne mbaya. Rudi kwenye miruko 50 na upande tena. Usichukue likizo ya mwezi.

Sasa dawa. Diklofenaki inakunyamazishia namba pekee tunayoitegemea, halafu ugonjwa huu kwa sehemu kubwa siyo uvimbe wa kuzimwa kwa kidonge. Kuna watakaokushauri sindano ya steroidi. Inapunguza maumivu haraka kwa wiki kadhaa, lakini walipolinganishwa na waliofanya mazoezi mazito ya polepole, baada ya nusu mwaka waliochomwa sindano walikuwa na hali mbaya zaidi, na kulichoma kano lenyewe huweza kulidhoofisha mpaka likatike. Ikatae. Ule mkanda mwembamba wa chini ya goti unaouzwa maduka ya michezo hauna madhara, kama unakupa nafuu vaa, ila usiuruhusu uongeze miruko. Na jambo moja ambalo watu hawalitarajii: ukiumwa tumbo au mkojo, usinunue siprofloksasini kienyeji dukani kama tulivyozoea. Antibayotiki za jamii ile zinajulikana kudhuru makano. Mwambie daktari una kano linaloumwa, achague nyingine kama inawezekana.

Kuna siku daftari liwekwe pembeni na uende hospitali siku hiyohiyo: ukisikia kitu kimekatika ghafla na huwezi kunyanyua mguu ukiwa umenyooka, goti zima likivimba, likikwama katikati, au likianza kukuamsha usiku na homa juu yake. Kano kukatika ni nadra, lakini likikatika halisubiri Jumatatu.

Ubao utengeneze leo jioni. Mdogo wako aendelee kukuhesabia, Jumanne na Jumamosi, bloku kwenye safu moja na mashambulizi kwenye nyingine. Baada ya asubuhi 14 niandikie namba zote, hata zile utakazozionea aibu, nikuambie kama ile 40 ilikuwa yako au niliikosea.